Sikio Moja Kutoka Kilangali

Shule niliacha darasa la tatu na sioni aibu kulisema. Wale waliobaki darasani na kuendelea kunicheka, wengi wao leo wanaleta mpunga wao kukobolewa kwenye mashine yangu pale Kilosa, na wakifika wananiita tajiri kabla sijawaitikia salamu. Nyumba ya bati nimejenga kwa mikono hii. Pikipiki ninazo, na vijana wanaziendesha kwa niaba yangu. Haya nayasema ili mtu asije akadhani kwamba mtu asiyejua kusoma vizuri hana akili. Akili ninayo, tena nyingi. Herufi ndizo zilizonikwepa.

Kwa hiyo zilipokuja simu zinazosoma zenyewe, mimi nilikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kwetu kuielewa faida yake. Niliipeleka yangu kwa fundi wa simu nikamwambia, nataka hii ikipokea ujumbe inisomee, kwa Kiswahili, nikiwa hata juu ya baiskeli. Akanitafutia sauti ya Kiswahili, ya mwanamke, kavu kidogo, hajui kucheka wala kulia, lakini maneno anayatamka yote. Akaniuzia na iafoni za masikioni zisizo na waya, mbili, zinazokaa kwenye kiboksi kidogo kama cha dawa ya meno. Akaniuliza, "Mzee, nikuwekee isome ukiwa umevaa hizi tu, au hata ukiwa hukuzivaa?" Nikamwambia acha isome wakati wote. Nilitaka watu waisikie. Nisingenunua kitu kama kile halafu nikifiche.

Na kweli nilikuwa naisikilizisha dunia. Nikiwa kijiweni, ujumbe wa mnunuzi wa mchele kutoka Morogoro ukiingia, namwacha yule mwanamke ausome kwa sauti ya juu, wenye kusikia wasikie nani ananitafuta. Lakini njiani nilivaa iafoni, kwa sababu upepo na magari ya mkonge yangemmeza.

Baiskeli naendesha kwa amri ya daktari. Sukari ilipanda, akaniambia nitumie miguu yangu au nitakuja kuikosa. Nikarudi kwenye baiskeli niliyoanzia maisha, na mwenzangu wa safari alikuwa rafiki yangu tangu utoto, ambaye mimi namwita Shehe kwa sababu hakosi swala, na yeye ananiita Tajiri kwa kunisanifu. Tulikuwa tunaenda pamoja Kilangali kuangalia mashamba yetu ya mpunga, na kurudi pamoja. Yeye alimaliza la saba. Kabla ya simu ile, ndiye aliyekuwa ananisomea kila kitu, hata yale ambayo mume hapendi mtu mwingine ayajue. Aliyasoma na hakuyasema popote. Siri zangu za miaka mingi zilikuwa zimelala kwake.

Tulikuwa na desturi yetu njiani. Iafoni ya kulia ni yangu, ya kushoto ni yake. Tunasikiliza redio, taarifa ya habari au mpira, kila mmoja na sikio lake, baiskeli sambamba. Ujumbe wangu ukiingia, redio inanyamaza, yule mwanamke anasoma, na tunasikia wote wawili. Shehe alikuwa anacheka mpaka anayumba.

"Tajiri, mkeo anasema usisahau dagaa. Mtu mzima na mashine ya kukoboa, unatumwa dagaa!"

"Wewe sikiliza redio, hayo hayakuhusu."

"Hayanihusuje na yamo sikioni mwangu?"

Ndivyo tulivyokuwa. Siku ninayotaka kuieleza ilianza hivyohivyo.

Asubuhi tulikuwa shambani Kilangali. Pale kulikuwa na vibarua wa palizi, na mimi, kama kawaida yangu, nilitoa simu nikaongeza sauti mpaka mwisho, wakasikia ujumbe wa mteja wangu. Wakashangaa, nikafurahi. Kisha tukavaa iafoni zetu tukashika njia ya kurudi Kilosa. Simu ya Shehe ilikuwa kitochi cha vibonyezo, na siku hiyo alikiacha nyumbani kikiwa hakina chaji. Mwenye simu njiani nilikuwa mimi peke yangu, na watu wa kwake walijua.

Adhuhuri tukasimama kwenye msikiti mdogo wa barabarani. Mimi ni mtu wa swala ya Ijumaa, Mungu anisamehe, nikabaki kivulini na baiskeli. Yeye akaenda kutawadha. Kwenye udhu masikio yanapakwa maji, kwa hiyo akaitoa ile iafoni, akanipa mkononi. "Nishikie sikio langu, nitalirudia."

Alipokwisha kuingia ndani, redio ikakatika. Yule mwanamke akasema: ujumbe kutoka kwa shemeji yake Shehe. Huyo ni kaka wa mke wake, na namba yake fundi alinihifadhia kwa jina hilohilo. Akaendelea bila kubadilisha sauti, kama anayesoma bei ya viazi: "Mtoto amegongwa na lori Mikumi asubuhi hii. Amefariki. Tunamleta nyumbani, maziko leo baada ya alasiri. Baba yake usimwambie. Mwambie mkewe anaumwa, mje haraka. Kaka yake mkubwa atamwambia akifika."

Mtoto huyo ndiye alikuwa mwanawe wa kiume wa pekee. Alikuwa fundi wa matairi pale Mikumi, kwenye barabara kubwa ya malori, mahali ambapo malori ya Zambia hayapunguzi mwendo mpaka yaone geti la mbuga. Nilimbeba mgongoni akiwa mdogo.

Kwetu hakuna anayempa mtu habari ya msiba wake barabarani. Mtu anaitwa kwa neno la kuumwa, anasindikizwa, anafika nyumbani, anakalishwa, anapewa maji, halafu mkubwa wa ukoo anasema. Akianguka, yupo wa kumdaka. Akilia, wapo wa kulia naye. Anayetangulia kusema njiani anaonekana amemtupa mwenzake shimoni. Shemeji mtu aliniandikia ujumbe badala ya kunipigia ili rafiki yangu asiisikie sauti ya kilio kwenye simu. Yeye alijua ujumbe ni wa kusomwa kwa macho. Hakujua kwamba simu yangu ina mdomo.

Nikakaa pale kivulini nikisikia imamu anatoa takbira. Niliwaza kuizima simu moja kwa moja. Lakini shemeji angenitafuta kujua tumefika wapi, na akinikosa wangetuma mtu wa pikipiki kutufuata, na huyo angesema njiani. Kuizuia isisome, kwenye mipangilio, sikujua, hiyo kazi huwa anaifanya fundi. Kuiweka iafoni yangu kiboksini ndiyo ingekuwa hatari zaidi, kwa sababu ikiingia kule inakata mawasiliano na simu inaanza kusemea nje. Hilo nilikuwa nalijua vizuri. Nikaona njia ni moja: ya kulia ikae sikioni mwangu, ya kushoto iingie kiboksini, asiipate.

Alitoka akivaa viatu, uso umechangamka.

"Haya, sikio langu."

"Limeisha chaji."

"Mara hii? Si tulikuwa tunasikiliza sasa hivi?"

"Ndiyo ubaya wa vitu vya Kichina. Halafu sikiliza, Shehe. Nyumbani wametuma neno. Mkeo hajisikii vizuri. Wanasema tusichelewe."

Akaacha kufunga kamba ya kiatu. "Presha?"

"Hawakusema."

"Hawakusema, au wewe hukunisikilizisha?"

"Twende, bwana."

Tukaenda. Yeye mbele kidogo, akikanyaga kwa nguvu, mimi nyuma ya bega lake. Nimefanya kazi nyingi ngumu maishani. Nimechoma mkaa, nimebeba magunia reli ya kati, nimelala na njaa nikijua kesho nayo ni hivyohivyo. Sijawahi kufanya ngumu kama ile ya kuendesha baiskeli nyuma ya mtu ambaye mwanawe amekufa na yeye anazungumza juu ya mwanawe.

Maana alikuwa anazungumza. Ili kuondoa wasiwasi wa mke, akaanza habari ya kijana. Kwamba mwezi ujao atarudi kuposa. Kwamba msichana ni wa Vidunda, watu wa milimani, wana adabu. "Nitakuhitaji kwenye ile safari, Tajiri. Wakweze wakikuona na tumbo hilo watajua tuna uwezo."

Na sikioni mwangu yule mwanamke alikuwa anaendelea. Watu wa mtaa walikuwa wameanza kuniandikia, kwa sababu mimi ni mtu mkubwa wa mtaa na kwenye misiba nashika mambo. Ujumbe kutoka kwa mwenyekiti: turubai limepatikana, viti bado. Ujumbe kutoka kwa jirani: mama wa marehemu amezimia lakini amezinduka. Ujumbe kutoka kwa msimamizi wa msikiti: wachimbaji wa kaburi wamekwenda.

"Wakweze wana mbuzi wengi," alisema Shehe. "Watatuchinjia."

"Watachinja," nikasema.

Ikafika mahali barabara ni nyembamba tukawa tunaenda bega kwa bega, na nikaona anainamisha kichwa upande wangu. Sauti ilikuwa kubwa, mnong'ono wake ulikuwa unatoka nje ya sikio langu. Nikaingiza mkono mfukoni, nikashika kile kitufe cha pembeni cha sauti, nikakibonyeza na kukibonyeza mpaka yule mwanamke akawa mnong'ono, kisha akapotea kabisa. Nikajisifu moyoni. Nikasema, ona, darasa la tatu huyu, ameishinda mashine akiwa juu ya baiskeli kwa mkono mmoja.

"Redio inasema nini?" akaniuliza.

"Mtandao mbaya."

Akakanyaga kwa nguvu zaidi.

Hapo nieleze jambo ambalo nililijua baadaye, fundi aliponifafanulia. Simu inaweka sauti ya iafoni mbali na sauti ya mdomo wake wenyewe. Ukipunguza ukiwa umevaa iafoni, unapunguza ya iafoni tu. Ya simu inabaki palepale ulipoiacha. Na mimi niliiacha wapi? Kule Kilangali, juu kabisa, mbele ya vibarua.

Tulipokaribia njia panda, iafoni ikalia mlio wake wa kuonya kwamba chaji inakwisha. Kiboksi chenyewe sikukichaji jana yake. Ya kushoto ilikuwa bado ina uhai kidogo, ningeweza kubadilisha. Ila nilikwisha kumwambia kwamba hiyo ndiyo iliyokufa, na alikuwa ananitazama. Nikasema moyoni, ikifa na ife, si nimeshazima sauti.

Njia panda mnyororo wa baiskeli yake ukachomoka. Pale wanakaa wanawake wawili wanauza mahindi ya kuchoma na ndizi. Tukawasalimu, mmoja mkubwa kwetu, tukampa shikamoo yake. Shehe akapindua baiskeli, akaanza kuurudisha mnyororo. Mikono yake ina ustadi, alikuwa fundi baiskeli kabla ya kulima.

Iafoni ikalia kwa mara ya mwisho na kuzimika.

Nilisimama karibu naye nimeshika usukani wa baiskeli yangu. Yule bibi wa mahindi alikuwa anatuambia mvua ya juzi ilivyoharibu barabara ya chini. Na kutoka mfukoni mwangu, kwa sauti ileile iliyowashangaza vibarua, yule mwanamke akasema:

"Ujumbe kutoka kwa shemeji yake Shehe. Maiti imeshafika kutoka Mikumi. Wameanza kumwosha. Mko wapi? Mzee bado hajui?"

Nilichomoa simu nikaiangusha. Nikaiokota, nikaibana kifuani kwa viganja viwili kama mtu anayeziba mdomo wa mtoto. Ilikuwa imekwisha kusema.

Bibi wa mahindi akanyamaza katikati ya neno. Mwenzake akaweka kiganja mdomoni, akatutazama mmoja baada ya mwingine, akitafuta mzee ni nani kati yetu.

Shehe alikuwa ameinama. Alimaliza kuuweka mnyororo. Akakizungusha kipedeli kwa mkono, gurudumu la nyuma likazunguka vizuri, akaliangalia mpaka likasimama lenyewe. Akajifuta mafuta kwenye majani. Hakuinua kichwa.

"Mtoto?" akaniuliza.

Sikuweza kusema. Mimi, ambaye watu wa Kilosa wanasema nikianza kuzungumza mashine inazimika kwa wivu.

"Lori?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Akalisema polepole, kila neno peke yake. Bibi wa mahindi akajifunika kanga akaanza kulia kwa sauti ya chini, akimlilia mtu asiyemjua. Shehe akamwambia, "Basi, mama. Basi." Ndiye aliyekuwa anambembeleza yeye.

Kisha akakaa chini, mavumbini, mgongo kwenye gurudumu. Nikakaa naye. Nilitaka kusema kwamba nilijitahidi, kwamba nilipunguza sauti, kwamba lile sikio la kushoto halikuisha chaji. Akanitangulia.

"Nilijua tangu msikitini. Siku zote simu yako ikisema neno unataka hata ng'ombe wa Wasukuma wasikie. Leo unalinyima sikio langu. Nikasema, kuna jambo kubwa. Nikadhani ni mama yake. Nikawa namwomba Mungu njia nzima asiwe mama yake." Akapangusa mafuta yaliyobaki viganjani. "Ona nilivyoomba."

Hilo lilinichoma na linanichoma bado. Habari zile za posa na mbuzi wa Vidunda alikuwa anazisema kwa kuulizia. Alikuwa anageuka kunichunguza uso kila akimtaja kijana, aone kama ni mama au ni mtoto, na mimi nilikuwa nasema watachinja.

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Nisikilize wewe. Hapa sikusikia kitu."

"Vipi?"

"Sikusikia. Nyumbani kaka yangu mkubwa amekaa anatafuta maneno. Mtu mwenye miaka ile, anatafuta maneno ya kuniambia. Mke wangu amefumbwa mdomo ili nifike salama. Watu wamehangaika kunilinda tangu asubuhi. Nikiingia wakaona ninajua, watauliza nani kasema, na jibu litakuwa simu ya Tajiri njia panda, kwa wauza mahindi. Mtoto wangu hatatangazwa hivyo." Akageuka kwa wale wanawake. "Mama zangu, nawaomba. Hayakusemwa hapa."

Yule mkubwa akaapa kwa Mungu wake. Yule mwingine akaitikia kwa kichwa. Sijui kama walilitunza, lakini halikunifikia kutoka kwa mtu yeyote.

Nikaizima simu kabisa. Yeye ndiye aliyenionyesha nishike kitufe kipi muda mrefu.

Tukapanda. Tulipofika mwanzo wa mtaa akashuka, akanawa uso kwenye bomba la watu, akaipangusa kanzu. Aliniambia, "Kaa nyuma yangu. Nikianguka ni kweli, sitakuwa naigiza."

Turubai lilikuwa limeondolewa mbele ya nyumba asilione. Wanaume walikuwa wamekaa kwa nyumba ya jirani, wamejibana kimya kama watoto waliojificha. Kaka mkubwa akatoka, fimbo mkononi. Shehe akampa shikamoo. Kaka akaitikia marahaba, akamshika mkono, akamwingiza barazani, akamkalisha kwenye kiti. Akaletewa maji, akanywa. Kaka akazungumza muda mrefu, kuanzia mbali, kwa mipango ya Mungu, kwa wazazi wao waliotangulia, mpaka akafika kwa kijana. Shehe alimsikiliza yote, hakumkatiza. Alimwacha mzee amalize kazi yake. Na lilipotoka lile neno, akaanguka kweli. Nilikuwa nyuma, nikamdaka mimi.

Tukazika baada ya alasiri. Baadaye, wanawake wakiwa wamempumzisha, mke wake aliomba niitwe. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, sauti imekauka.

"Shemeji, njiani hakujua?"

"Hakujua."

"Hata kidogo?"

"Tulikuwa tunazungumza habari za mpunga."

Akafumba macho. "Mungu akulipe. Nilikuwa namwonea huruma ya ile barabara." Na mbele ya wanawake wote wale akasema kwamba watu wananiona mimi ni mdomo mtupu, kumbe nina kifua.

Nimesifiwa kwa mengi, na sifa nazipenda, sifichi. Ile niliipokea nikiwa nimetazama mkeka. Hitima ilipokwisha kupita, Shehe mwenyewe alimweleza mkewe ukweli wote, ndiyo maana leo ninaweza kuyatoa haya. Mkewe akataka kujua jambo moja tu, kama wale wanawake wa njia panda walimtendea mumewe vizuri. Aliambiwa kwamba mmoja alilia. Wiki hiyo alipanda pikipiki yangu moja akaenda njia panda, akanunua mahindi, akakaa nao mpaka jua likapungua. Kijana wangu aliyemsubiri anasema hawakuzungumza mengi.